Mdomo Wazi, Macho Makubwa: Nani Kasema Huo Ni Woga?

Mwalimu aliinua kadi yenye picha ya mwanamke aliyetoa macho, nyusi zimepanda juu, mdomo wazi. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, nami nimesimama mlangoni nikimsubiri mpwa wangu tuondoke.

"Huyu anafanya nini?" mwalimu akauliza.

Mpwa wangu akawahi: "Anamwita mtu, yuko mbali."

Mwalimu akamtazama kidogo, kisha akaligeuza swali. "Nisikilizeni vizuri. Huyu ana furaha, ana hasira, au anaogopa?"

"Anaogopa!" wakajibu wote, na mpwa wangu naye akiwemo.

"Safi sana. Jipigieni makofi."

Tukaondoka. Njiani mtoto akaniambia habari za viatu vya rafiki yake, kadi ameshaisahau. Mimi nilibaki nayo wiki nzima, na ya pili, na ya tatu. Picha ni ileile na mtoto ni yuleyule, lakini kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilitoka kwake mwenyewe. La pili alipewa mkononi kati ya matatu, akalichukua.

Kama ningeulizwa siku ile ni lipi lilikuwa jibu lake la kweli, ningejibu nini?

Hapo ndipo nilipoanza kurudia kusoma utafiti ambao wengi wetu tuliopita darasa la saikolojia tulifundishwa kama jambo lililokwisha: kwamba hisia za msingi ni sita, yaani furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao na kinyaa, na kwamba kila moja ina sura yake ambayo binadamu yeyote, popote alipo, ataitambua. Safari hii nilikuwa nasoma nikitafuta kitu kimoja tu. Watu waliulizwaje?

## Nguruwe mlangoni

Ushahidi mkubwa wa dai hili ulitoka milima ya mashariki ya Papua Guinea Mpya, kwa watu wa kabila la Fore. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Ekman na mwenzake Wallace Friesen walikwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1960 wakiwa na hoja nzito. Ukimwonyesha mwanafunzi wa Brazili au Japani picha za Wamarekani wakikunja nyuso, naye akazitambua, pengine amejifunza kwenye sinema na magazeti. Walihitaji watu ambao hawakuwa wamepata nafasi ya kujifunza huko. Wakachagua Wafore ambao hawajaona sinema, hawajui Kiingereza wala Pijini, na hawajawahi kuishi kwenye makazi ya Wazungu au kuwafanyia kazi. Walipata watu wazima 189 na watoto 130, na matokeo yakachapishwa mwaka 1971.

Wafore hao hawakujua kusoma, kwa hiyo orodha ya maneno ya kuchagua isingefaa. Njia iliyotumika ilikuwa ya hadithi. Mtu mzima aliwekewa picha tatu mbele yake, mtoto alipewa mbili. Kisha alisimuliwa kisa kifupi na kuombwa aonyeshe uso wa mtu anayezungumzwa.

Kisa cha furaha kilikuwa hivi: rafiki zake wamekuja, naye amefurahi. Cha huzuni: mwanawe amefariki, naye ana huzuni kubwa. Cha hasira: ana hasira, yuko karibu kupigana.

Cha woga kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mtu yuko nyumbani peke yake, na kijiji kizima hakina mtu. Ndani hamna kisu, hamna shoka, hamna upinde wala mshale. Nguruwe mwitu amesimama mlangoni. Mtu anamtazama nguruwe yule na anaogopa sana. Nguruwe amesimama pale dakika kadhaa, haondoki, na mtu anaogopa ataumwa.

Nilikisoma kisa hiki mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya utafiti ule. Mantiki yake inaeleweka: kama nguruwe angetokea ghafla, jibu lingeweza kuwa mshangao, na kama mtu angekuwa na shoka mkononi, pengine angejawa na hasira badala ya woga. Basi mianya yote ikazibwa.

Lakini angalia kilichobaki baada ya kuziba mianya. Msikilizaji ameshaambiwa kwamba mtu huyu anaogopa. Ameambiwa sababu, ameambiwa hana silaha, ameambiwa adui yuko wapi na amekaa kwa muda gani. Kazi yake iliyobaki ni kuchagua, kati ya picha tatu, ile inayoweza kufaa zaidi.

Na hata hivyo jambo moja lilikataa. Picha ya woga ilipowekwa pamoja na za hasira, huzuni au kinyaa, watu wazima waliichagua kwa asilimia 80. Ilipowekwa pamoja na ya mshangao, waliochagua ya woga walishuka hadi asilimia 43. Ekman na Friesen waliliandika hilo waziwazi: Wafore hawakutenganisha woga na mshangao. Kwenye vitabu vya kufundishia, sentensi hiyo mara nyingi haionekani.

## Picha tatu tu

Matokeo mengine yalikuwa mazuri sana kwa dai lao. Furaha ilipata asilimia 92, hasira 84, kinyaa 81, huzuni 79, mshangao 68. Kukisia tu kungempa mtu mzima kama asilimia 33.

Mtu akiniambia kwamba idadi hizi hazithibitishi chochote, nitambishia. Kuna kitu pale. Wafore hawakuwa wakibahatisha. Swali ni kwamba walikuwa wakitumia nini kufikia jibu.

Chukua kisa cha furaha. Katika zile sura sita, yenye tabasamu ni moja. Zilizobaki ama ni za mambo mabaya ama ni za mshtuko. Ukinisimulia kwamba rafiki wamefika, halafu ukaniwekea mtu anayetabasamu kando ya mtu aliyekunja ndita na mwingine aliyelegeza midomo kwa majonzi, sihitaji kujua kwamba tabasamu ni alama ya furaha duniani kote. Inatosha nijue kutenganisha jambo jema na baya.

Sasa chukua kisa cha huzuni, mtoto amefariki, huku picha nyingine zikiwa za hasira na mshangao. Moja imelegea, mbili zimekaza. Inatosha nitenganishe mwili uliopoa na mwili uliochangamka. Hivyo kwa vipimo viwili tu, cha jema na baya na cha kupoa na kuchangamka, naweza kupata alama za juu bila kujua kabisa kwamba kuna "sura ya huzuni".

Na pale ambapo vipimo hivyo viwili haviwezi kusaidia? Woga na mshangao vyote vina macho makubwa na mwili uliokaza. Ndipo Wafore walipoanguka. Sidhani hilo ni bahati mbaya.

James Russell, mwanasaikolojia aliyepitia tafiti hizi moja baada ya nyingine na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1994, ndiye aliyeliweka suala la namna ya kuuliza mbele ya kila mtu. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha jambo rahisi. Ile picha mashuhuri ya hasira, ukiiondoa "hasira" kwenye orodha ya majibu na kuacha mengine, watu huchagua jingine kwa kukubaliana vizuri tu, kama vile dharau au kinyaa. Ni sawa na mtihani wa kuchagua ambao jibu sahihi halimo. Mwanafunzi hatoki nje ya karatasi, anazungushia herufi iliyo karibu.

Hili la kumwekea mtu jibu ndani ya swali ni la zamani kuliko Ekman. Charles Darwin, alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake cha 1872 kuhusu namna hisia zinavyoonekana kwa binadamu na wanyama, aliwaandikia wamisionari na maofisa waliokuwa nchi za mbali akiwatumia maswali 16. La kwanza liliuliza kama mshangao huonekana kwa macho na mdomo kufunguka wazi na nyusi kupandishwa. Anayejibu alichohitaji kuandika ni "ndiyo".

## Kisiwa cha Matemo

Kisha nikafika kwenye utafiti ulionigusa zaidi, kwa sababu ulifanyika kwa majirani zetu.

Matemo ni kisiwa cha funguvisiwa la Kirimba, pwani ya Kabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji ni Wamwani, na Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, kiasi kwamba mtu wa Mtwara akikisikiliza kwa makini haachwi mbali sana. Mwaka 2016 Carlos Crivelli, Sergio Jarillo, Russell yuleyule na José-Miguel Fernández-Dols walichapisha matokeo ya watoto na vijana 36 wa hapo, wenye umri wa miaka 6 hadi 16, pamoja na wenzao 68 wa Visiwa vya Trobriand huko Papua Guinea Mpya. Kwa kulinganisha, walikuwapo watoto 113 wa Hispania.

Safari hii hapakuwa na kisa cha nguruwe. Mtoto alionyeshwa sura kadhaa kwa pamoja na kuombwa amwonyeshe kwa kidole mtu mwenye furaha, au mwenye woga, hasira, kinyaa au huzuni. Kisa kilichokuwa kikisaidia kuchagua kiliondolewa, na sura zote zilikuwa mezani, si tatu zilizochaguliwa.

Watoto wa Hispania walifuata dai vizuri mno, asilimia 83 hadi 100.

Wa Matemo walilinganisha tabasamu na furaha mara 56 kati ya 100. Kwa hisia nyingine walikuwa kati ya asilimia 22 na 53. Trobriand furaha ilipata karibu sawa, asilimia 58, lakini nyingine zilianzia chini zaidi, kutoka 7 hadi 46. Watafiti walijaribu picha zisizosogea na video, wakaangalia wavulana na wasichana, wakubwa na wadogo. Picha ya jumla haikubadilika.

Hapa nilisimama kwa muda, kwa sababu matokeo haya yananisumbua kwa upande wa pili pia.

Tabasamu kupata asilimia 56? Nimekulia pwani. Sijawahi kukutana na mtoto wa pwani asiyejua kwamba mtu anayecheka amefurahi. Au ndivyo ninavyoamini. Kwa hiyo kuna njia mbili za kusoma idadi hiyo. Ya kwanza ni kwamba tabasamu lina kazi nyingi kuliko moja, na mtoto wa Matemo anazijua: watu hutabasamu wakiona haya, wakimkaribisha mgeni, wakiomba radhi, wakimdanganya mtu. Ukimwuliza nani ana furaha, haoni sababu ya kumchagua huyo tu.

Ya pili ni kwamba mtoto anaulizwa jambo la ajabu na mtu mzima mgeni. Watoto wetu wamefundishwa kumjibu mkubwa kwa adabu, si kubishana na kadi. Na mchezo wenyewe wa kuambiwa "nionyeshe" huku mkubwa anajua jibu ni mchezo wa shule. Mtoto wa Hispania amecheza huo tangu akiwa na miaka mitatu.

Siwezi kuichagua mojawapo kwa uhakika. Ninachoweza kusema ni kwamba njia ya pili haitoshi peke yake, kwa sababu makosa ya watoto hayakutawanyika ovyo kila mahali. Kule Trobriand yalikuwa na mpangilio.

## Sura inayotisha

Utafiti mwingine wa timu hiyohiyo, wa mwaka huohuo wa 2016, ulihusu hasa sura moja, ileile aliyoinua mwalimu. Macho makubwa, mdomo wazi, mtu kama anavuta pumzi kwa nguvu.

Crivelli na Jarillo hawakufika Trobriand na kuondoka. Walikaa na wenyeji na kujifunza lugha yao, Kikilivila. Walipowauliza vijana wa huko ni sura ipi ya mtu mwenye hasira, na ipi ya mtu anayetaka kushambulia, wengi walionyesha hiyo ya macho makubwa. Vijana wa Hispania walipoulizwa ni sura ipi inayotisha, walichagua ile inayohesabiwa kuwa ya hasira; hiyo ya macho makubwa ndiyo ambayo nchi za Magharibi husomwa kuwa ya mtu aliyeogopa.

Hili si kukosea alama kidogo. Ni kinyume kabisa. Kwa mmoja, mtu yule anakimbia. Kwa mwingine, anakuja.

Na ukilifikiria bila haraka, halishangazi sana. Mtu anayetoa macho na kufungua kinywa mbele ya mwenzake anaweza kabisa kuwa anatisha. Yapo makundi ya watu Pasifiki ambayo ngoma zao za vita zina uso huo, na haka ya Wamaori ndiyo inayojulikana zaidi. Sisi hatuioni ngoma ile tukadhani wachezaji wameshikwa na woga.

Alan Fridlund, mwanasaikolojia wa Marekani, amekuwa akishikilia tangu miaka ya 1990 kwamba uso hautoi taarifa za yaliyomo moyoni. Uso ni chombo cha kushughulika na mwenzako: sogea, ondoka, nisaidie, usinikaribie. Ukichukua msimamo huo, swali la kadi linageuka. Hatuulizi tena "anahisi nini?" bali "anataka mwenzake afanye nini?" Na jibu la kwamba anamwita mtu aliye mbali linakuwa jibu kamili, wala si la mtoto asiyeelewa.

## Rundo la Wahimba

Kuna njia nyingine ya kuuliza, isiyotoa orodha kabisa.

Maria Gendron na wenzake walikwenda kwa Wahimba, wafugaji wa kaskazini magharibi mwa Namibia, na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Walibeba picha 36 za watu weusi wa Marekani wakiigiza hali sita: furaha, huzuni, hasira, woga, kinyaa, na uso mtulivu usio na kitu. Mshiriki aliombwa azigawe mafungu, kila fungu liwe la watu wanaohisi kitu kimoja. Hakuambiwa majina ya hisia.

Sura za tabasamu zilikaa pamoja. Tulivu pia, na za macho makubwa kwa kiasi. Zilizobaki zilichanganyika: hasira na kinyaa na huzuni katika rundo moja. Walipoulizwa rundo fulani lina nini, mara nyingi Wahimba walitaja vitendo. Hawa wanacheka. Hawa wanatazama.

Wamarekani waliopewa kazi hiyohiyo walikaribia zaidi mafungu sita yaliyotarajiwa, lakini nao walisaidika sana walipotajiwa maneno ya hisia kabla ya kuanza. Kwa maneno mengine, orodha inamsaidia hata aliyezaliwa nayo.

## Waliozaliwa hawaoni

Ningeweza kuishia hapa na kusema dai la Ekman limeanguka. Nilikaribia kufanya hivyo, mpaka niliporudi kwa ushahidi wa upande wa pili, na hasa kwa wachezaji wa judo.

Katika Paralimpiki za Athene za mwaka 2004, judo ilichezwa na watu wasioona. Mpigapicha Bob Willingham aliwapiga picha wakati pambano linapoisha na baadaye wakati wa kupokea medali. David Matsumoto alizichambua pamoja naye, msuli kwa msuli, akazilinganisha na za wanajudo wanaoona wa Olimpiki za mwaka huohuo. Baadhi ya wasioona walizaliwa hivyo. Hawajawahi kuona uso wa mtu akishinda, wala wa mtu akishindwa.

Nyuso zao zilisogea vilevile. Aliyeshinda alitabasamu hadi macho yakabana. Aliyepoteza fainali naye alifanya vilevile anavyofanya mwenzake anayeona, na alipofika jukwaani akavaa lile tabasamu la heshima, la mdomo tu.

Utafiti huu, uliochapishwa mwaka 2009, ni mgumu kuupinga, na sioni sababu ya kujaribu. Uso wa binadamu una mienendo ambayo haikujifunzwa kwa kutazama.

Lakini unajibu swali jingine. Unasema jinsi uso unavyosogea, hausemi jinsi anayeuona anavyousoma. Nilikuwa nimezichanganya kazi hizi mbili kila nilipofikiria jambo hili, na nadhani vitabu vingi huzichanganya pia. Misuli inaweza kuwa ileile kila mahali, na bado maana ya msogeo huo ikabaki mikononi mwa watu wanaokaa pamoja.

Tena, tazama lile tabasamu la jukwaani. Fernández-Dols na María-Angeles Ruiz-Belda walichunguza washindi 22 wa medali za dhahabu katika Olimpiki za Barcelona za mwaka 1992. Kuna hatua tatu: mshindi anasubiri nyuma ya jukwaa, kisha anapanda na kushughulika na viongozi na watazamaji, kisha anageukia bendera na kusikiliza wimbo wa taifa. Katika zote tatu ni mtu mwenye furaha kubwa pengine kuliko siku yoyote ya maisha yake. Tabasamu lilitokea hasa katika hatua ya pili, pale penye watu wa kutabasamiwa. Akiwa peke yake nyuma ya jukwaa, lilikuwa haba.

Kwa hiyo hata tabasamu, ambalo ndilo lenye ushahidi bora kuliko sura zote, lilimfuata mtu aliye mbele yake zaidi ya furaha iliyo ndani yake.

## Ziwa Eyasi

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi nao wameulizwa. Gendron, Lisa Feldman Barrett na wenzao walichapisha tafiti mbili mwaka 2020. Walichaguliwa kwa sababu dai la Ekman lina mzizi katika mageuzi ya viumbe: kama sura hizi ziliwasaidia mababu zetu waliowinda na kukusanya matunda, basi kwa watu wanaopata sehemu kubwa ya chakula chao kwa njia hiyo ndipo zinapotakiwa kuonekana wazi. Hazikuonekana hivyo. Ushahidi wa kwamba Wahadzabe wanasoma sura hizo kama inavyodaiwa ulikuwa mdogo.

Ninaupokea utafiti huu kwa tahadhari moja, nayo inahusu wanaousoma zaidi ya walioufanya. Wahadzabe si mabaki ya zama za kale. Ni Watanzania wa leo, wenye majirani Wairaqw na Wadatoga, wenye watoto walioko shuleni na kesi za ardhi. Anayetaka kuwatumia kama dirisha la binadamu wa kwanza anawaomba wabebe mzigo usio wao, iwe matokeo yanamfurahisha Ekman au yanamwudhi.

## Picha za Wafore zinaporudi Papua

Ekman alikuwa amepiga picha nyingi za Wafore katika maisha yao ya kila siku, watu ambao hakuna aliyewaambia waigize. Alizitoa kitabuni mwaka 1980, kila moja na hisia yake. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Crivelli na wenzake walichagua 5 kati ya hizo, za furaha, huzuni, hasira, mshangao na kinyaa, wakawapelekea vijana wa Trobriand. Wote ni watu wa Papua Guinea Mpya, ingawa Wafore ni wa milimani na Trobriand ni visiwani.

Kundi la kwanza, vijana 32, waliachwa waseme kwa maneno yoyote wanayotaka mtu wa kwenye picha anahisi nini. Waliokubaliana na hisia aliyoiandika Ekman walikuwa kati ya asilimia 0 na 16, kutegemea picha. Kundi la pili, vijana 24, walipewa orodha fupi wachague. Wakapanda hadi kati ya 13 na 38.

Ni yale majibu mawili ya mkekani, safari hii kwa watu wengi na kwa kipimo. Orodha ilipowekwa, makubaliano yaliongezeka. Picha hazikubadilika hata moja. Na hata baada ya kuongezeka, yalikuwa mbali na asilimia 80 na 90 za nyuso zilizoigizwa, ambazo mwigizaji alielekezwa ni msuli upi akaze.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 na hayajaniacha nikiwa na upande wa kusimama imara. Mtu akiniuliza leo kama uso wa binadamu ni mmoja, nitamtajia wanajudo wa Athene na nitasema kwa sehemu kubwa ndiyo. Akiniuliza kama tunausoma sawa, nitamwambia kwamba jema na baya tunalitenganisha karibu popote, na zaidi ya hapo nitamwomba kwanza anionyeshe karatasi ya maswali.

Nami ningependa kuona kazi ya kawaida kabisa ikifanyika pwani hii, na watu wa pwani wenyewe. Mtu ana kamera ndogo, anakaa sokoni au kwenye bandari ya majahazi, anarekodi nyuso za watu waliokubali kurekodiwa wakipatana bei, wakipokea wageni, wakigombana. Jioni anamrudia kila mmoja na video yake na kumwuliza ulikuwa unafanya nini hapa, na huyu uliyekuwa naye ulitaka afanye nini. Kisha anawaonyesha wengine wa mtaa huohuo, halafu wa mji mwingine, bila orodha. Wale Wafore watano wa kwenye picha walikuwa na majina na walijua kilichokuwa kikiendelea siku ile, lakini maandishi yaliyowekwa chini ya nyuso zao, na baadaye kutumika kupima nani amekosea na nani amepatia, yalikuwa ya mpigapicha.